Dozi iliyochelewa haianzwi upya: tuisome kadi ya kliniki ya mtoto



Katika ukurasa huu wa familia tumekuwa tukipokea swali moja kwa sura mbalimbali, na mara nyingi linatoka kwa akina mama wa upande wa Handeni na Korogwe, ambako familia huhama na msimu: mama analima Kwedizinga, mavuno yakiisha anakwenda kukaa kwa wazazi wake Korogwe, na mtoto anakwenda naye. Swali lenyewe ni hili: mtoto amepitisha tarehe ya chanjo kwa miezi mingi, je, zile za mwanzo zimeharibika, na inabidi aanze upya? Wengine hawaulizi kabisa. Wanaona aibu kwenda kituoni na kadi yenye mapengo, wakihofia maneno ya mhudumu mbele ya watu, basi kadi inabaki sandukuni na pengo linazidi kuwa kubwa.

Jibu ni fupi: haanzi upya. Dozi aliyokwisha kuipata inahesabiwa, hata ukipita mwaka. Lakini jibu hili halimsaidii mzazi asiyejua kuisoma kadi yake, kwa hiyo tumeona tuifungue kadi moja ya mfano na kuipitia mstari kwa mstari.

Mtoto wetu wa mfano ni wa kike, amezaliwa Jumapili tarehe 10 Machi 2024, mwishoni mwa Shaabani ya mwaka 1445 Hijria. Wazazi wake ni wakulima wa Kwedizinga. Leo tunaisoma kadi yake siku ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025. Amekwisha kutimiza mwaka mmoja na nusu, anatembea, anasema maneno machache, na ukimtazama huoni upungufu wowote. Upungufu uko kwenye karatasi.

Kabla ya kuanza kuhesabu, kuna jambo la kuangalia kwa makini. Katika kadi kuna tarehe za namna mbili: tarehe ambayo mtoto alichanjwa, na tarehe aliyoambiwa arudi. Hii ya pili aghalabu huandikwa kwa penseli au pembeni. Tumeona wazazi wakiihesabu tarehe ya kurudi kuwa ni dozi iliyotolewa, wakaridhika kwamba mtoto amekamilisha. Kadi ya mfano wetu ina tarehe kama hiyo, 8 Julai 2024, na tutairejea. Hali kadhalika, alama za matone ya Vitamini A na za dawa ya minyoo si chanjo, ingawa hutolewa na mhudumu yuleyule na pengine siku ileile. Zina sehemu yake.

Mstari wa kwanza ni wa kuzaliwa. Hapo pameandikwa BCG, yaani chanjo ya kifua kikuu, na matone ya polio ya mwanzo, ambayo huitwa dozi ya sifuri. Yote mawili yalitolewa tarehe 12 Machi 2024, siku mbili baada ya kuzaliwa. Mstari huu umejaa, tuuache.

Mstari wa pili ni wa wiki ya 6. Hapa ndipo wazazi wengi wanapopotea, kwa kuwa chanjo ni nyingi kwa siku moja: matone ya polio, Penta, PCV na Rota. Penta ni sindano moja inayobeba kinga tano: dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na vijidudu vinavyoleta aina mojawapo ya homa ya uti wa mgongo na nimonia. PCV nayo ni ya nimonia na uti wa mgongo unaosababishwa na vijidudu vingine. Rota ni matone ya kuzuia kuhara kukali. Mtoto wetu alitimiza wiki 6 tarehe 21 Aprili, lakini alipelekwa Jumatatu ya tarehe 6 Mei. Alichelewa siku 15. Si jambo kubwa kwa lenyewe, ila lilisogeza kila kilichofuata, na mama hakuelezwa hivyo.

Kadi imechapishwa wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14. Mama alihesabu umri wa mwanawe, akaona wiki ya 10 inatimia tarehe 19 Mei, na kesho yake akaenda kituoni. Akarudishwa nyumbani. Akaudhika, na ana haki ya kuudhika mtu aliyetembea na mtoto mgongoni kisha akaambiwa si leo. Lakini mhudumu alikuwa sahihi. Kati ya dozi ya kwanza na ya pili lazima zipite angalau wiki 4, yaani siku 28, na tangu tarehe 6 hadi tarehe 20 Mei zilikuwa zimepita siku 14 tu. Tarehe sahihi ilikuwa 3 Juni.

Kwa nini siku 28? Dozi ya kwanza ni kama kuutambulisha mwili kwa adui. Mwili unachukua wiki kadhaa kutengeneza kingamwili na kuihifadhi ile kumbukumbu. Dozi ya pili ikija mapema mno, kazi ya kwanza bado inaendelea, na mwili haupati ule msukumo mpya uliokusudiwa. Dozi hiyo haihesabiwi na itabidi irudiwe. Ikija kwa kuchelewa, kumbukumbu ipo bado, na mwili unaamka vizuri. Ndiyo maana sheria ya muda ni kali upande mmoja tu: kuwahi kunaharibu dozi, kuchelewa hakuiharibu. Hasara ya kuchelewa ni nyingine kabisa, nayo ni kwamba katika kipindi chote cha kusubiri mtoto yuko na kinga pungufu. Mahujaji wetu wanaijua hesabu ya namna hii: chanjo ya homa ya uti wa mgongo anayotakiwa kuwa nayo anayekwenda Hijja sharti iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kuwasili, na aliyechanjwa jana yake hawezi kusema amekamilisha sharti, kwa kuwa mwili wake haujamaliza kazi.

Basi kanuni ya kuisoma mistari hii mitatu ni kwamba umri unaamua dozi ya kwanza, na tarehe ya dozi iliyotangulia ndiyo inayoamua dozi inayofuata. Ukichelewa mwanzoni, usiendelee kufuata wiki zilizochapishwa. Hesabu siku 28 kutoka tarehe iliyoandikwa kwa mkono.

Dozi ya pili ya Penta, PCV, Rota na matone ya polio ilitolewa Jumatatu tarehe 10 Juni 2024, siku 35 baada ya ile ya kwanza. Inakubalika kabisa. Mhudumu akahesabu siku 28 mbele, akaandika kwa penseli: 8 Julai.

Tarehe hiyo ndiyo ilipotokea pengo. Usiku wa ile dozi ya pili mtoto alipata homa, akalia, na paja likavimba kidogo pale alipochomwa. Siku ya pili akapoa. Ilipokaribia Julai, bibi mzaa baba akamwambia mkwewe: "Mwanangu, hizo mbili zinamtosha. Ya tatu itamrudishia homa ileile, na wewe uko shambani." Mama hakutaka kubishana na mkwewe, na mahindi yalikuwa yakisubiri. Kisha akaenda kwao Korogwe, na nafasi ya dozi ya tatu ikabaki tupu, penseli yake ikifutika taratibu.

Tusimlaumu bibi kwa kumwonea huruma mjukuu. Homa ya siku moja au mbili na uvimbe mahali pa sindano ni mambo yanayotokea kwa watoto wengi baada ya Penta. Ni dalili ya mwili kufanya kazi, hutulizwa kwa kumpa mtoto maziwa mara kwa mara na kumpunguzia nguo, na kwa dawa ya homa kwa kipimo alichoelekezwa mzazi na mhudumu. Hiyo si sababu ya kuacha. Sababu ya kusimama na kuuliza kwanza ni nyingine: mtoto aliyepata degedege baada ya sindano, aliyepoteza fahamu, au aliyevimba uso na kushindwa kupumua muda mfupi baada ya kuchomwa. Huyo mhudumu aambiwe kabla ya dozi nyingine yoyote. Mtoto wetu hakuwa na hata moja ya hizo.

Sasa tutazame mstari huo tupu wa wiki ya 14 unabeba nini. Unabeba dozi ya tatu ya Penta, dozi ya tatu ya PCV, matone ya polio ya tatu, na kitu ambacho hakikuwamo katika mistari iliyopita: sindano ya polio, ambayo kadi huiandika IPV. Mama aliyefundishwa kwamba mtoto "ameshapata polio" mara tatu, mara ya kuzaliwa na mara mbili baadaye, hawezi kuelewa sindano hii ni ya nini. Maelezo yake ni haya. Kirusi cha polio kina aina tatu. Tangu Aprili 2016 matone yanayotumika katika chanjo za kawaida duniani yana kinga dhidi ya aina ya kwanza na ya tatu tu. Aina ya pili iliondolewa kwenye matone baada ya kirusi chake cha asili kutangazwa kuwa kimetokomezwa. Kinga ya aina ya pili ikahamishiwa kwenye sindano, nayo hapa Tanzania ilianza kutolewa mwaka 2018 katika wiki ya 14. Kwa hiyo mtoto aliyekunywa matone mara tatu na hakurudi wiki ya 14 hana kinga yoyote ya chanjo za kawaida dhidi ya aina ya pili.

Na aina ya pili si historia. Kirusi cha asili kilitoweka, lakini panapokuwa na watoto wengi wasiochanjwa, kirusi kilichotokana na matone ya zamani kinaweza kuzunguka kwa muda mrefu na kubadilika hata kikarudia kupoozesha. Mwaka 2023 mtoto alithibitika kupooza kwa polio ya namna hiyo, ya aina ya pili, katika Mkoa wa Rukwa. Nafasi moja tupu kwenye kadi ya mtoto wa Kwedizinga inahusiana moja kwa moja na tukio hilo.

Tuendelee. Mstari unaofuata ni wa miezi 9, surua na rubela. Mtoto alitimiza miezi 9 tarehe 10 Desemba 2024, na akachanjwa Alhamisi tarehe 16 Januari 2025, siku 37 baadaye, katika kituo cha Korogwe. Hapa tuna neno kwa wasomaji wetu hasa. Baadhi ya familia huhesabu umri wa mtoto kwa miezi ya Kiislamu, na ni jambo jema kuijua tarehe ya Hijria ya kuzaliwa kwake. Kwa hesabu ya akika na mambo yetu ndiyo tunayoitegemea. Lakini kadi imehesabiwa kwa kalenda ya serikali. Miezi 9 ya mwandamo inatangulia miezi 9 ya kalenda hiyo kwa siku 9 hivi, na miezi 18 inatangulia kwa siku zipatazo 17. Ukienda kwa hesabu ya mwandamo utaambiwa umewahi, na utaambiwa hivyo kwa haki.

Maana kwa surua kuwahi kuna tatizo lake mahsusi. Mama humrithisha mtoto kingamwili zake akiwa tumboni, na hizo humlinda miezi ya mwanzo. Lakini kingamwili hizohizo huizuia chanjo isifanye kazi, mpaka zipungue. Miezi 9 ni umri uliochaguliwa kuwa kati na kati: zimepungua kiasi, na mtoto hajakaa muda mrefu mno bila ulinzi. Hata hivyo, kati ya watoto 100 wanaochanjwa katika umri huo, takribani 85 ndio wanaopata kinga. Hao 15 waliobaki hawana alama ya kuwatambulisha. Dozi ya pili, ya mwezi wa 18, imewekwa kwa ajili yao hasa. Wengi huidhani kuwa ni ya kuongezea nguvu tu, na ndiyo maana huiacha kwa urahisi mtoto akishaanza kutembea na mama hana tena mazoea ya kliniki.

Wako wanaotuuliza pia kuhusu jelatini iliyomo katika baadhi ya chanjo za surua. Suala hili lilijadiliwa na mafakihi na madaktari huko Kuwait mwaka 1995, katika kikao cha Jumuiya ya Kiislamu ya Sayansi za Tiba, wakaona kwamba kitu kilichogeuzwa kabisa dhati yake, kile ambacho wanachuoni huita istihala, hutoka katika najisi kikawa tohara, na jelatini wakaihesabu humo. Mwenye kutaka tafsili zaidi amwendee shekhe wake. Sisi tumeitaja ili isibaki kuwa mnong'ono wa jikoni.

Turudi kwenye tarehe 16 Januari. Siku hiyo mtoto alikuwa mbele ya mhudumu, kadi ikiwa wazi, na mstari wa wiki ya 14 ukiwa mtupu. Vyote vingeweza kutolewa pamoja, kwa kuwa chanjo hizi hazigombani zikitolewa siku moja sehemu tofauti za mwili. Hazikutolewa. Mhudumu alitazama mstari wa miezi 9 peke yake, na mama hakujua la kuuliza. Kila mzazi anayefika kituoni kwa jambo lolote, hata kupima uzito tu, anaweza kuuliza sentensi moja: "Kuna nafasi yoyote tupu huku juu?"

Mstari wa mwisho ni wa miezi 18. Mtoto alitimiza tarehe 10 Septemba 2025. Nafasi ni tupu.

Kwa hiyo leo, tarehe 6 Oktoba 2025, hesabu ya mtoto wetu ni hii. BCG na dozi ya sifuri ya polio amepata. Penta na PCV amepata mbili mbili, imebaki moja moja. Matone ya polio yamebaki mara moja. Rota mbili zilizomo katika kadi yake amemaliza. Sindano ya polio hajapata kabisa. Surua na rubela amepata moja, imebaki ya pili. Vilivyochelewa zaidi ni vya wiki ya 14: vilistahili tarehe 8 Julai 2024, na sasa ni karibu miezi 15. Surua ya pili imechelewa siku 26.

Ni vitano, na hakuna hata kimoja kinachohitaji kingine kisubiri. Muda wa chini kati ya dozi umekwisha kupita kitambo, kwa hiyo anaweza kuvipata katika ziara moja, matone mdomoni na sindano mahali mbalimbali. Mhudumu akiona sindano ni nyingi kwa mtoto mmoja akapendekeza zigawanywe, mama akubali, ila aondoke na tarehe iliyoandikwa kwa wino, na aombe zile ambazo mtoto hana kinga yake kabisa au ana pungufu ya hatari, yaani sindano ya polio na surua, zitangulie.

Lau angekuwa amekosa Rota, maelezo yangekuwa tofauti: hiyo ina kikomo cha umri, haitolewi baada ya miezi 24, kwa kuwa kuhara kwa Rota huua zaidi watoto wachanga.

Kuna jambo moja la kituoni ambalo huwaudhi wazazi. Chupa ya surua na rubela ina dozi 10, ni unga unaochanganywa na maji yake, na ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6 kisha inamwagwa. Ya BCG ina dozi 20 na sharti lilelile. Katika kituo kidogo mhudumu anaweza kumwambia mama aje siku watoto watakapokuwa wengi. Basi uliza mapema siku ya surua ni ipi, hasa kwa anayetoka mbali. Na usikubali kwamba kwa sababu ya surua kusubiri, Penta na sindano ya polio nazo zisubiri.

Kwa aliyepoteza kadi, asikae nyumbani. Kituo kilichomchanja mtoto kina daftari lake, na Mkoa wa Tanga ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo nchini kuwekewa daftari la chanjo la kielektroniki. Aende na jina la mtoto, jina la mama na tarehe ya kuzaliwa, aombe kadi mpya na tarehe zinakiliwe. Chanjo hizi katika vituo vya serikali ni bure, Korogwe kama ilivyo Handeni, na dozi iliyoanzwa Kwedizinga inaendelezwa Korogwe bila barua ya mtu yeyote, maadamu kadi iko mkononi.

Mama wa mtoto wetu akienda wiki hii, atarudi na mistari yote iliyojaa hadi mwezi wa 18. Kitakachobaki kwenye kadi ni Vitamini A na dawa ya minyoo kila baada ya miezi 6, na uzito. Chanjo nyingine katika ratiba ya kawaida itamngoja akiwa binti wa shule: ile ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo tangu mwaka 2024 hutolewa dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.